Geuza chupa kabla ya kununua soda

Wanangu, wakati wa mapumziko geuzeni chupa ya soda msome mstari wa sukari. Mara nyingi mtakuta kama gramu 10 kwa kila mililita 100. Basi chupa ya nusu lita ina gramu 50, na kijiko cha chai huchukua gramu 4 hivi: vijiko 12 na zaidi. Nani hapa hutia vijiko 12 kwenye kikombe chake? Juisi ya ukwaju ya njiani haina hata lebo, na barafu huufifisha utamu ulimini. Kwa joto hili la Mombasa, njooni na maji yaliyochemshwa nyumbani. Yakiwa na ladha ya kisima, kamulieni ndimu. Mkojo ukiwa manjano iliyokoza, ongezeni maji, si soda.