VPN ya Windows inagoma na 809 ukiwa nyumbani: anza na NAT, kisha ufunguo

Tuchukue kesi hii: ordinatere yako iko Bukavu nyumbani, imeshika waifai ya ruta, na seva ya L2TP/IPsec iko kwenye biro Goma, nayo imekaa nyuma ya ruta yake. Unabonyeza kukoneka, inangoja ngoja weee, halafu inakuletea 809. Wengi hapo wanakimbilia kubadilisha modepasi na shida haiko huko kabisa.

Paketi za IPsec hazina namba ya porti, sasa ruta ikishabadilisha adresi (njo NAT yenyewe) inakosa kujua jibu ni la nani, kwa hiyo zinafungwa ndani ya UDP porti 4500 ili zipite. Windows inajua kufanya hivyo, ila ikiona seva nayo iko nyuma ya NAT inakataa mpaka uiruhusu wewe. Kama seva yenu iko na adresi ya pablik moja kwa moja, ruka hatua ya kwanza.

Hatua ya 1. Fungua cmd kama administreta, andika:

```
reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\PolicyAgent /v AssumeUDPEncapsulationContextOnSendRule /t REG_DWORD /d 2 /f
```

Hiyo 2 maana yake pande zote mbili ziko nyuma ya NAT. Kisha ifanyie ordinatere Restart, bila hivyo haibadiliki kitu, na hapa njo watu wanakata tamaa bure wakisema haifanyi kazi.

Hatua ya 2. Ikibaki 809, mwombe mtu wa biro aangalie ruta ya Goma: UDP 500 na 4500 zielekezwe kwa seva. 1701 msiifungue kwa nje, ile inapita ndani ya IPsec tayari.

Hatua ya 3. Ikigeuka 789, furahi kidogo, maana mara nyingi seva imejibu sasa ila ufunguo wa pamoja haufanani. Ule ufunguo ukiuandika unaona vidoti tu, na klavye zetu za AZERTY ukiwa Windows imewekwa QWERTY, A inakuwa Q na namba zinageuka alama. Ukiukopi toka WhatsApp, nafasi tupu ya mwishoni inaingia nayo na inahesabiwa. Mimi napendelea kuuweka kwa PowerShell, unauona wote kwa macho (Biro ni jina la koneksio yako):

```
Set-VpnConnection -Name 'Biro' -L2tpPsk 'ufunguo-wenu' -Force
```

Tumia alama ' na si ", kwa sababu ufunguo ukiwa na $ ndani ya " PowerShell inaisoma kama jina la kitu kingine na inakula kipande, halafu unabaki na 789 ileile.

Ikija 691, ufunguo umeshapita, hapo sasa njo uangalie jina lako na modepasi.