Mbaazi za watu 40, si za watu 6

Ukipikia mkutano wa watu 40 hapa Mtwara, na wasiokula nyama ni 6, usipike mbaazi za nazi za watu 6. Wanaokula nyama nao huzipakua, na asiyekula nyama akiwa nyuma kwenye foleni hukuta sufuria tupu. Loweka kilo 3 za mbaazi kavu ziwatoshe wote, kisha punguza nyama. Kisamvu kisitiwe dagaa wala uduvi. Hapo ndipo wapishi wetu husahau. Nyama yote iwe halali, usihangaike na sufuria mbili.

Kwa wenye kisukari, tanguliza mboga na samaki wa kuchoma, wali ufuate. Chakula kitoke saa 7 kamili: aliyechoma insulini akicheleweshwa, sukari hushuka, akaanza kutetemeka na kutoka jasho.