Jinsi ya kuitetea CV yako mstari kwa mstari kabla hujaingia kwenye intavyuu

Mimi nimekaa stoo miaka mingi, sa hivi huwa naitwa kukaa kwenye paneli tunapotafuta mastoo kipa, na CV yangu mwenyewe iliwahi kuniumbua, kwa hiyo haya nayaandika kwa uchungu kidogo.

Hatua ya 1. Printi CV, acha nafasi pembeni, chukua kalamu. Kwenye kila mstari jiulize mambo matatu tu: hii namba nimeitoa wapi, mkono wangu hapo ulifanya nini, na nani akipigiwa simu ataongea hivi hivi ninavyoongea mimi. Mstari ukikosa majibu mawili, ufute au uushushe. Usianze na elimu, hiyo vyeti vinajitetea vyenyewe, anza na kazi ya mwisho maana ndo tunayoichimba.

Hatua ya 2, na hapa tukae kidogo. Namba irudie hesabu yake upya. Mimi niliandika "nilipunguza upotevu wa mzigo kwa asilimia 40". Nilikuwa sidanganyi, miezi mitatu ya kwanza tulipohesabu stoo tukakuta upungufu wa shilingi 1,500,000, miezi mitatu iliyofuata nikiwa nimebadilisha utaratibu ukawa 900,000. Tofauti ni laki sita, gawa kwa milioni moja na nusu, unapata 40 kamili. Safi. Mama mmoja kwenye paneli akavua miwani akaniuliza taratibu, "Kijana, mzigo uliopita stoo vipindi vyote viwili ulikuwa sawa?" Nikakaa kimya.

Nilivyorudi nyumbani nikapiga hesabu vizuri. Kipindi cha kwanza ulipita mzigo wa milioni 75, kwa hiyo upotevu ulikuwa asilimia 2. Kipindi cha pili biashara ilipoa, ulipita wa milioni 60, upotevu asilimia 1.5. Kutoka 2 kwenda 1.5 ni kupungua kwa robo, yaani asilimia 25, sio 40, zile nyingine zimeletwa na biashara mbovu sio mimi. Kwa hiyo sa hivi CV yangu inasema "upotevu ulishuka kutoka asilimia 2 hadi 1.5 ya thamani ya mzigo ndani ya miezi mitatu", namba inaonekana ndogo lakini iulize unavyotaka.

Halafu jiandae na swali linalofuata lazima, "ulifanyaje?" Usijibu "niliimarisha udhibiti", hiyo ni hewa. Sema ulichokifanya: badala ya kuhesabu stoo nzima mwisho wa mwezi nilikuwa kila asubuhi nahesabu bidhaa kumi, nalinganisha na kadi ya bidhaa, ikipishana namtafuta aliyetoa mzigo siku hiyo hiyo kabla hajasahau. Na kama wazo lilikuwa la bosi, sema la bosi, wewe ndo uliyehesabu.

Hatua ya 3. Angalia vitenzi. "Nilisimamia watu 6" itakuletea maswali kama nani alikuwa anawapa likizo, nani alishawahi kumpa mtu barua ya onyo. Kama wewe ulikuwa unawagawia kazi asubuhi basi andika "niligawa kazi kwa watu 6", hakuna aibu.

Hatua ya 4. Ujuzi wa kompyuta. Ukiandika "mtaalamu wa Excel" mimi nakuandikia hii kwenye karatasi:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!A:C,3,FALSE)
```

Sikuulizi inafanya nini, nakuuliza ile FALSE ukiitoa pamoja na koma yake inakuwaje. Aliyeitumia kweli anajua Excel itatafuta kinachokaribiana badala ya kinacholingana kabisa, na orodha isipopangwa inaweza kukuletea bei ya bidhaa nyingine bila kukuonyesha kosa lolote, wengi hapo wanaanza kuangalia dari. Kila programu uliyoitaja kumbuka kazi moja uliyoifanya nayo, na sehemu moja iliyokusumbua.

Hatua ya 5. Tarehe. Kama ulikuwa unakatwa NSSF, angalia taarifa yako ya michango, inakuonyesha miezi uliyochangiwa na inakukumbusha ulianza na kuacha lini. Pengo likiwepo lieleze kwa sentensi moja, usilizungushe.

Hatua ya 6. Mpe CV rafiki msumbufu, sio anayekupenda sana, achague mistari mitano yeye mwenyewe, na kila ukijibu akuulize tena "kivipi?" mpaka mara tatu. Jibu kwa mdomo, dakika moja na nusu inatosha. Ukiishiwa kwenye "kivipi" ya pili, rudi kwenye kalamu.

Na usibebe makaratasi ya ofisi ya zamani kwenda kuthibitisha, tukiona invoisi za watu kwenye begi lako tunajua na zetu zitatembea. Taja asilimia, pesa kamili waachie wenyewe.