Deni litaisha lini? Namna ya kuhesabu miezi kwa salio, rejesho na riba

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, alinijia na kikaratasi alichoandika kwa mkono wake: 3,000,000 gawanya kwa 200,000, jibu 15. "Mwanangu, miezi kumi na mitano namaliza, si ndiyo?" Salio lake lilikuwa milioni tatu, rejesho laki mbili kwa mwezi, na riba asilimia 3 kwa mwezi. Nikamwambia, "Hapana mama, ni ishirini na moja." Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemwongezea deni.

Kwa kazi yangu ya uhasibu, hesabu hii naifanya karibu kila wiki, na kosa ni lilelile. Watu hugawanya salio kwa rejesho, wakasahau kwamba kila mwezi riba hula kwanza, ndipo kinachobaki kipunguze deni. Hivi ndivyo ninavyofanya, kwa kutumia namba za mama huyo.

Hatua ya 1: Jua riba inahesabiwaje

Usianze na kalkuleta. Anza na ratiba ya marejesho, ile karatasi uliyopewa siku ya kusaini. Tazama safu ya riba. Ikiwa inapungua kila mwezi, riba yako inatozwa kwenye salio linalopungua na njia hii inakufaa. Ikiwa ni namba ileile kutoka mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, riba ilipigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, na hapo fomula hii itakudanganya. Kwa mkopo wa namna hiyo miezi imeshapangwa kwenye ratiba. Hesabu mistari iliyobaki, basi. Kama hukupewa ratiba, iombe. Wakopeshaji wa kausha damu ndio hupenda kusema "asilimia tatu tu" bila kueleza ni asilimia tatu ya nini.

Hakikisha pia ni riba ya mwezi au ya mwaka. Ya mwaka ikiwa 36%, gawanya kwa 12 upate 3%. Ikishakuwa ya mwezi, usiiguse.

Hatua ya 2: Pima kama deni linaweza kuisha kabisa

Zidisha salio kwa riba ya mwezi: 3,000,000 × 0.03 = 90,000. Hiyo ndiyo riba ya mwezi wa kwanza, na rejesho lazima liizidi. Mama akilipa 90,000 kila mwezi, atalipa mpaka wajukuu zake wazeeke na salio litabaki milioni tatu ileile. Akilipa 100,000 deni litaisha, lakini kwa miezi 78, yaani miaka sita na nusu.

Kwa rejesho la 200,000 mambo huenda hivi. Mwezi wa kwanza 90,000 inakwenda kwenye riba, 110,000 inapunguza deni, na salio linakuwa 2,890,000. Mwezi wa pili riba inashuka hadi 86,700, kwa hiyo deni linapungua kwa 113,300 na kubaki 2,776,700. Ukiwa na daftari na subira unaweza kuendelea hivyo mpaka mwisho. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa njia hiyo, na mpaka leo miezi miwili mitatu ya mwanzo huwa naiandika kwa mkono ili nione kama namba zangu zinafanana na za ratiba. Zisipofanana, narudi hatua ya 1.

Hatua ya 3: Tumia fomula

S ni salio, M ni malipo ya kila mwezi, r ni riba ya mwezi:

```
n = -ln(1 - r*S/M) / ln(1 + r)
```

Kitufe cha `ln` kipo kwenye kalkuleta za wanafunzi wa sekondari, na kwenye simu nyingi hujitokeza ukiilaza simu upande. Nenda polepole. Kwanza 90,000 gawanya kwa 200,000 ni 0.45. Toa kwenye 1, unabaki na 0.55. `ln` ya 0.55 ni -0.59784, alama ya kutoa iliyo mbele ya fomula inaifanya kuwa chanya. `ln` ya 1.03 ni 0.02956. Gawanya, unapata 20.23.

Hapa kuna mtego. Ukiona 0.02956 ukaamua kuiandika 0.03, jibu linakuwa 19.93, na mwezi mzima umepotea. Acha desimali zote ndani ya kalkuleta mpaka mwisho.

20.23 maana yake ni marejesho 20 kamili na moja dogo la kumalizia. Kwa hiyo miezi ni 21. Desimali hupandishwa juu hata ikiwa ndogo. Rejesho la mwisho la mama litakuwa kama 45,600 tu, na riba yote atakayolipa tangu leo inafika kama 1,045,600.

Hatua ya 4: Excel, kwa wenye madeni mengi

```
=ROUNDUP(NPER(3%,-200000,3000000),0)
```

Inaleta 21. Rejesho huandikwa na alama ya kutoa kwa sababu ni pesa inayotoka mfukoni. Ukiisahau, `NPER` yenyewe itakupa -12.57, na hakuna deni linaloisha kwa miezi hasi. Ukiona `#NUM!`, rejesho halifiki riba, au umeandika riba ya mwaka mahali pa riba ya mwezi.

Kosa baya zaidi ni lile lisilopiga kelele. Ukiigawanya 3% kwa 12 wakati tayari ni ya mwezi, utapata 15.3, namba inayopendeza macho. Ndiyo maana kikaratasi cha mama sikukitupa: jibu likikaribia sana lile la kugawanya tu, wakati riba ni kubwa, kuna mahali riba imepunguzwa kimakosa.

Hatua ya 5: Badilisha rejesho uone

Mama aliuliza, "Na nikiongeza elfu hamsini?" Kwa 250,000 jibu ni 15.1, yaani miezi 16, na la mwisho ni kama 24,900 tu. Miezi mitano inaondoka, na riba inapungua kwa takriban 270,700.

Lakini fomula inadhani kila mwezi unalipa kiasi kilekile, na biashara ya dagaa haiendi hivyo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu na mitumbwi hupumzika. Akiruka mwezi wa kwanza tu, salio linapanda hadi 3,090,000 hata kabla ya faini yoyote. Ukilipigia hesabu salio hilo kwa rejesho la 200,000 unapata 21.07, yaani marejesho 22, na ukijumlisha mwezi ulioruka ni miezi 23. Kwa hiyo tulikubaliana rejesho libaki laki mbili kwenye mkataba, na kipindi cha giza, dagaa wakiwa wengi, aongeze hiyo elfu hamsini kwa hiari yake. Kabla hajaondoka nilimwambia aulize kwa mkopeshaji kama pesa ya ziada inapunguza salio siku hiyohiyo au inawekwa tu kusubiri rejesho linalofuata. Ikiwa inasubiri, miezi haipungui kama tulivyohesabu.