Bei moja hadi mlangoni au bei ya kiwandani? Piga hesabu hii kabla hujatangaza

Nimeandika haya baada ya kumsaidia muuza mbao wa Mafinga aliyetaka kutangaza bei moja kwa wateja wote, wa Iringa, Dodoma na Dar es Salaam, usafiri ukiwa juu yake. Tarakimu nimezibadilisha ziwe rahisi kufuata, lakini mambo yalikwenda hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Nauli ya ubao mmoja

Gawanya kodi ya lori kwa idadi ya mbao zinazopakiwa. Tuseme inatoka Sh 300 hadi Iringa, 900 hadi Dodoma na 1,500 hadi Dar. Kama lori huenda nusu tupu, gawanya kwa mbao zilizopakiwa kweli.

Hatua ya 2: Bei ya kiwandani

Ubao unamgharimu Sh 5,200, naye anauuza 6,000 pale kiwandani. Mteja akijilipia nauli, wa Iringa unamfikia kwa 6,300, wa Dodoma 6,900, wa Dar 7,500. Faida ni 800 kwa kila ubao, aende nao popote.

Hatua ya 3: Wastani wa nauli

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo twende taratibu. Tumia daftari na kalamu. Kwenye kompyuta ni rahisi mno kunakili safu ya mwezi uliopita bila kuiuliza chochote.

Kosa la kwanza ni kujumlisha nauli tatu na kugawa kwa tatu. Unapata 900, kana kwamba kila mji unanunua sawa. Kwa mwezi Iringa ilichukua mbao 600, Dodoma 200, Dar 200. Nauli yote ni Sh 660,000 kwa mbao 1,000, yaani 660 kwa ubao. Basi bei moja iwe 6,660 na faida ibaki 800?

La. Hiyo 660 ni wastani wa wateja ulionao chini ya bei ya zamani. Ukibadili bei, wateja nao wanabadilika. Wa Iringa ameongezewa Sh 360, tena ana wauzaji wengine karibu. Wa Dar amepunguziwa 840. Tuseme sasa Iringa inachukua 420, Dodoma 240, Dar 340. Jumla ni mbao 1,000 zile zile, ila nauli imepanda hadi Sh 852,000. Unakusanya 660 ya nauli kwa kila ubao na kulipa 852. Faida ya mwezi imeshuka kutoka 800,000 hadi 608,000, na kwenye kitabu cha mauzo hutaona dalili yoyote. Dalili iko kwenye risiti za malori.

Ukipandisha bei hadi 6,852 ili kufidia, Iringa inapungua tena na wastani unapanda tena. Kwa hiyo kisia kwanza kila mji utanunua kiasi gani kwa bei mpya, ndipo utafute wastani. Rudia mpaka bei uliyoanza nayo ilingane na unayoipata.

Nchi nzima iliwahi kuliona hili. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Tanzania ilinunua mahindi kwa bei moja kila mkoa. Kilimo cha mahindi ya kuuza kikapanuka Ruvuma na Rukwa, mbali na soko la Dar, na gharama ya kuyasafirisha ikalielemea Shirika la Taifa la Usagishaji.

Hatua ya 4: Kinachobaki kiwandani

Toa nauli ya kila mji kwenye bei moja. Dar: 6,660 kutoa 1,500 inabaki 5,160, wakati ubao umegharimu 5,200. Kila ubao unaokwenda Dar unakula Sh 40, na huko ndiko oda zinakoongezeka.

Hatua ya 5: Anayekuja na gari lake

Atataka punguzo. Mtolee nauli ya mji wake tu: wa Iringa alipe 6,360. Ukimtolea wastani wote wa 660, kila wa karibu atakuja na gari lake na utabaki kuwasafirishia wa mbali peke yao.

Hatua ya 6: Kuamua

Bei moja naikubali pale nauli ya mbali kabisa ni ndogo kuliko faida ya kitu kimoja. Kwa mbao, sivyo. EWURA nayo hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi mji kwa mji, kwa kuwa nauli inatofautiana.

Ila huna haja ya kumbebesha wa mbali nauli yote. Iringa tuliiacha kwenye 6,300 na Dodoma 6,900. Dar tuliweka 7,100: mteja anabeba 1,100 ya nauli, muuzaji 400, na kila ubao bado unamwachia Sh 400.