Kiwavi kwenye picha: useme kwa uhakika kiasi gani kwamba ni kiwavijeshi vamizi?

Picha ya kiwavi juu ya jani la mahindi inapomfikia mtu anayejua wadudu, swali huwa moja: ni kiwavijeshi vamizi au siye? Jibu la haraka la "ndiye" linaweza kumgharimu mkulima, kwa sababu mahindi huliwa na viwavi wa aina kadhaa wanaofanana, na kila mmoja hudhibitiwa kwa njia yake. Kiwavijeshi vamizi hujificha kwenye moyo wa mmea, yaani ndani ya majani machanga ya katikati, kwa hiyo dawa isipofika humo haimpati. Funza wa mabua, ambaye wengi humwita bungua, akishaingia ndani ya bua hafikiwi tena na dawa ya kupuliza juu ya majani. Viwavijeshi wa kawaida nao huja kwa makundi makubwa, hula nyasi pamoja na mahindi, kisha huhama kutoka eneo moja hadi jingine.

Alama za kiwavijeshi vamizi zinajulikana vizuri, ila lazima zionekane. Ya kwanza iko kichwani: mistari myepesi inayokutana na kufanya umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Ya pili iko mgongoni karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, nayo ni madoa manne meusi makubwa yaliyopangwa kama pembe nne za mraba. Kwenye pingili nyingine madoa pia ni manne, lakini mawili ya mbele yamekaribiana kuliko mawili ya nyuma, hivyo hayafanyi mraba.

Watu wengi hukosea kwa kutosheka na alama moja. Viwavijeshi wa kawaida wana mistari kichwani inayofanana na V iliyopinduliwa, na picha ikiwa na ukungu kidogo V hiyo husomeka kama Y. Funza wa vitumba, ambaye pia hula mahindi machanga, anaweza kuwa na mstari mwepesi kichwani, ingawa ukimtazama kwa karibu ngozi yake ina vinundu vyenye vinyweleo. Baadhi ya funza wa mabua nao wana madoa manne kwenye kila pingili, na mtu aliyeambiwa tu "tafuta madoa manne" atadhani amempata vamizi. Y peke yake haitoshi, na madoa peke yake hayatoshi. Ukiviona vyote viwili waziwazi kwenye kiwavi mmoja aliyekuwa akila mahindi, hapo una msingi imara wa kumtaja.

Umri wa kiwavi ni jambo ambalo wapiga picha wengi hawalifikirii. Kiwavijeshi vamizi hupitia hatua sita za ukuaji kabla ya kuwa pupa. Katika hatua mbili za kwanza ni mdogo sana, ana rangi ya kijani na kichwa cheusi au cha rangi ya chungwa, wala Y na mraba havijajitokeza. Hata picha safi kabisa ya kiwavi wa umri huo haiwezi kuonyesha alama ambazo bado hazipo. Yeyote anayemtaja kwa jina kwa uhakika kamili kutokana na picha kama hiyo anabahatisha, hata kama baadaye itaonekana alipatia.

Tuchukue mfano. Mkulima anatuma picha moja: jani lina sehemu nyembamba zinazopitisha mwanga kama dirisha, na pembeni yupo kiwavi wa kijani mwenye kichwa cheusi, urefu wake labda milimita nne. Picha imepigwa kutoka juu na kichwa hakionekani vizuri. Mimi ningemjibu hivi: "Huyu ni kiwavi wa nondo, hilo sina shaka nalo. Jani limekwanguliwa jinsi viwavijeshi vamizi wachanga wanavyofanya, kwa hiyo yeye ndiye ninayemshuku kwanza. Lakini funza wa mabua akiwa mchanga naye hukwangua majani, na picha hii haimwondoi. Usinunue dawa kwa kutegemea jibu hili. Nenda shambani ukatazame moyo wa mimea, halafu unitumie picha nyingine."

Jibu hilo linataja kiwango ambacho uhakika umefika, linaeleza sababu, linamtaja mwingine anayeweza kuwa ndiye, na linasema ni kitu gani kitakachomaliza shaka. Kwangu mimi hilo ndilo jibu zuri, hata kama halina jina la mwisho. Watu huona aibu kusema "ni kundi hili, aina yake bado sijajua," ilhali sentensi hiyo ni ya kweli na mkulima anaweza kuifanyia kazi.

Picha za pili zipigwe hivi. Mtoe kiwavi kwenye moyo wa mmea, umweke juu ya karatasi nyeupe kivulini, kwa sababu jua kali hung'arisha ngozi yake na kufuta alama. Piga moja ukielekea kichwani, moja kutoka juu ukilenga mkia, na moja ya ubavuni. Weka rula kando yake ili ukubwa ujulikane. Kisha piga picha ya mmea alikotoka, ukifungua majani ya katikati. Andika tarehe, mahali, na umri wa mahindi. Ikiwa bado ni mdogo, mfuge siku chache kwenye chombo chenye matundu madogo ya hewa, ukimbadilishia majani mabichi ya mahindi kila siku, na umweke peke yake kwa kuwa viwavi hawa hulana.

Katika mfano wetu, picha za pili zinaonyesha kiwavi aliyekua, kahawia, Y iko wazi, mraba uko wazi, na moyo wa mmea umejaa kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Sasa ningesema ni kiwavijeshi vamizi bila kusitasita.

Mahali na wakati navyo huongeza au kupunguza uzito wa jibu. Asili ya mdudu huyu ni bara la Amerika, na Afrika alithibitishwa mwaka 2016. Pale anapojulikana kuwapo kila msimu, picha ya wastani yenye alama zote mbili inatosha. Pale ambapo hajawahi kuripotiwa, picha hiyohiyo ni sababu ya kumhifadhi kiwavi kwenye spiriti na kumpeleka kwa wataalamu wa wadudu, si sababu ya kutangaza. Programu ya simu ikikupa asilimia 92, elewa kwamba imelinganisha picha yako na aina ilizofundishwa. Aina isiyokuwamo kwenye orodha yake haiwezi kuitaja, na bado itatoa namba.

Yapo pia mambo ambayo hakuna picha itakayoyajibu. Kiwavijeshi vamizi ana makundi mawili ya ndani, moja hupendelea zaidi mahindi na jingine mpunga na nyasi, na kwa macho hayatofautiki. Hutenganishwa maabara kwa vinasaba.

Jina likishathibitika, bado hujui shamba limeshambuliwa kiasi gani, maana picha ni ya kiwavi mmoja. Pita shambani kwa njia ya herufi W, simama sehemu tano, kagua mimea kumi kila sehemu, na uandike mingapi kati ya hiyo hamsini ina majani yaliyoliwa karibuni au kinyesi kibichi kwenye moyo. Hesabu hiyo itume pamoja na picha unapomuuliza afisa ugani kama upulize dawa.