Somo: Kushuti video ya wimbo ufukweni Bagamoyo, midomo na sauti viende pamoja

Wengi mmeniomba nieleze tulivyoshuti video ya kijana mmoja wa Bagamoyo kwa siku moja, tukiwa na kamera moja na spika moja. Wimbo una dakika 3 na sekunde 20, mwendo wa taratibu, na unamhusu mtoto anayemsubiri baba yake mvuvi arudi kutoka baharini. Nitakaa zaidi kwenye midomo, maana hapo ndipo video nyingi za mtaani zinapoharibikia.

Hatua ya 1: Wimbo uwe umekwisha kabisa

Usishuti kwa demo. Niliwahi kushuti siku nzima kwa wimbo wenye mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, halafu studio ikaurekodi upya kwa 98 bila kuniambia. Kwa wimbo wa sekunde 200, tofauti hiyo ndogo inafika sekunde 4 mwishoni. Hakuna teki iliyookoka. Siku hizi namwomba prodyuza faili la mwisho la WAV, na ndilo hilohilo ninalopiga lokesheni na kuliweka kwenye uhariri.

Mbele ya wimbo naongeza milio mitatu mifupi, mmoja kila sekunde. Msanii anajua aanze lini, na mimi napata alama ya wazi ya kulinganishia sauti ya kamera na sauti ya studio.

Hatua ya 2: Spika miguuni kwa msanii

Maiki ya kamera iache wazi. Sauti yake haitasikika kwenye video, lakini ndiyo utakayoitumia kupanga klipu. Shida ni kwamba sauti husafiri polepole, kama mita 340 kwa sekunde. Ukishuti kwa fremu 25, kila mita 14 kati ya spika na kamera ni fremu moja ya kuchelewa. Tulipomshuti kijana akiwa juu ya ngalawa, sisi tukiwa mita 40 nyuma na lenzi ndefu, kamera ilisikia wimbo fremu 3 baada yake. Ukilinganisha sauti tu, midomo itatangulia. Dawa yake ni kuisukuma klipu mbele fremu 3, kisha utazame herufi zinazofunga midomo: b, m, p. Midomo ikigusana pale pale "baba" inaposikika, umepata.

Lingine: aimbe kweli, kwa sauti. Anayechezesha midomo tu shingo yake haijai, kifua hakipandi, na mtazamaji anaona hata kama hajui kinachomsumbua. Kijana wetu alikuwa anaona aibu mbele ya wavuvi. Tuliongeza sauti ya spika mpaka asijisikie mwenyewe, ndipo akaimba.

Hatua ya 3: Jua na maji

Bagamoyo bahari iko mashariki. Asubuhi ukimweka msanii bahari ikiwa nyuma yake, jua linakupiga wewe kwenye lenzi na uso wake unakuwa mweusi. Jioni jua liko upande wa mji, linamwangaza uso, na bahari nyuma inabaki na rangi yake. Kwa hiyo teki za ufukweni tulizipanga saa 10 hadi saa 12 jioni. Asubuhi tulikuwa kwenye vichochoro vya mji mkongwe, mbele ya milango ya kuchongwa, kabla jua halijapanda. Kati ya saa 5 na saa 9 jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo. Muda huo tulikula na kushuti vya ndani.

Maji nayo yana ratiba yake. Yanachelewa takriban dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua yakitoka yanakwenda mbali sana. Usianze teki maji yakiwa yamejaa ukamalizia yamekupwa, maana ngalawa itakuwa inaelea kwenye ubeti na imelala kwenye matope kwenye kiitikio. Waulize wavuvi siku moja kabla. Ukienda kuwauliza, omba na ruhusa ya kuwashuti, wao na vyombo vyao. Kibali cha Bodi ya Filamu ni jambo la mapema, si la asubuhi ya siku yenyewe.

Hatua ya 4: Teki

Kila lokesheni, wimbo mzima mara nne: picha ya mbali, ya kati, ya karibu, na moja ya ubavuni. Usimkatishe akikosea neno. Aendelee, kosa litafunikwa. Tulikuwa na lokesheni tatu, yaani teki 12. Picha ya karibu iwe ya mwisho, akiwa ameshachangamka, ila usingoje hadi jasho limemtoka na ameishiwa nguvu.

Hatua ya 5: Picha za kukatia

Hapa chukua maneno ya wimbo uyachape, na kando ya kila mstari andika kitu kimoja kinachoonekana. Palipoimbwa kungoja, tuliandika: mikono ya mzee ikishona wavu, sindano ikipita kwenye tundu. Tulimkaribia mpaka uzi ukajaa fremu, na kidole gumba chake kilikuwa na kovu la mshipi. Picha ile ilieleza miaka ya kazi kuliko ubeti mzima.

Kila picha ishikilie sekunde 10 bila kuhamisha kamera. Usikose zile za msanii mwenyewe zisizoonyesha mdomo: kisogo, viganja, miguu kwenye mchanga wenye maji. Zishuti palepale, kwenye mwanga uleule wa teki, maana hizo ndizo zitakazofunika neno alilokosea.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mwanza: Nashuti kwa simu. Mwanzo midomo inakaa sawa, ikifika ubeti wa pili inaachana na sauti. Nakosea wapi?*

Ndugu yangu, simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe zikiona mwanga umepungua. Pitisha klipu kwenye HandBrake, weka `25` na `Constant Framerate`, kisha ndiyo uingize kwenye uhariri. Kama bado inaachana, kagua kama wimbo uliopiga ni uleule wa mwisho.

*Kutoka Temeke: Dairekta, nataka msanii aende polepole lakini midomo ifuate wimbo. Mimi nafanya singeli.*

Kwa wimbo wa taratibu unashuti fremu 50 huku spika inapiga wimbo kwa kasi mara mbili, kisha unaichezesha klipu kwa 25. Kwenye Audacity ni `Change Tempo`, uweke `100`. Kwa singeli haiwezekani, hakuna ulimi utakaofuata. Jaribu fremu 30 na wimbo ulioongezwa asilimia 20, umpe mistari minne tu kwa teki moja. Akishindwa hata hapo, ule mwendo wa polepole uuweke kwa wachezaji, yeye aimbe kwa kasi ya kawaida.

*Kutoka Bukavu: Sisi ni kwaya, tunashuti ndani ya kanisa. Picha ina mistari inayopanda na kushuka.*

Hizo ni taa, mama. Umeme wa huko ni hezi 50, weka shata `1/50` au `1/100` na mistari itatulia. Kwa kwaya, spika iwe mbele katikati, na picha za karibu mzipige watu watatu watatu. Safu ya nyuma kabisa ikichelewa kidogo, kwenye picha ya mbali haitaonekana.